Mtoto kapimwa mkono mara mbili: 12.3 nyumbani, 12.7 zahanati. Tushike lipi?

BabaNunu_Mambrui

Asalaam aleikum wana jukwaa. Mwenye ujuzi anisaidie, maana hapa nyumbani kila mtu amekuwa daktari.

Binti yetu ana miezi 13. Juzi mhudumu wa afya wa kijiji alipita hapa Mambrui na ule utepe wa rangi tatu ulioandikwa MUAC. Akampima mkono, akasoma 12.3, njano, akatuandikia karatasi twende zahanati. Kesho yake mama yake akampeleka. Nesi akapima kwa utepe wa pale akapata 12.7, kijani, akasema mtoto hana neno, rudini nyumbani. Akampima na uzito, kilo 7.9, na urefu sentimita 73. Akaangalia jedwali akasema yuko chini kidogo lakini hajavuka mstari.

Mamangu anasema hata mimi utotoni nilikuwa na mikono myembamba hivyo hivyo na leo nabeba magunia ya simiti. Mke wangu naye halali. Mtoto anacheza, ananyonya, uji anakula akitaka. Mwezi uliopita aliharisha karibu wiki nzima, tangu hapo naona shavu limepungua.

Tumuamini nani? Na mkono unabadilikaje karibu nusu sentimita kwa siku moja?

PwaniBoda

Mimi wangu 34 bila kukunja, niko rangi gani? 😂 Lakini bila mzaha, kuna namna ya kuongeza mkono bila kwenda jimu? Nimechoka kuambiwa nimekonda.

BabaNunu_Mambrui

Ndugu yangu, utepe huu ni wa watoto. Tafuta uzi wako.

Bi_Kizingo

Wa aleikum salaam baba Nunu. Mimi niko Lamu, nimepima watoto miaka mingi kabla ya nyinyi kuzaliwa. Huyo nesi ndiye aliyekosea zaidi. Njano inaanzia 13.5 kushuka hadi 12.5, na chini ya 12.5 ni nyekundu. Kwa hiyo mtoto wako kwa mhudumu yuko nyekundu na kwa nesi yuko njano. Mrudishe haraka, adai chakula cha tiba.

BabaNunu_Mambrui

Bi mkubwa umenitia hofu sasa. Utepe wa mhudumu niliuona kwa macho yangu, 12.3 ilikuwa kwenye njano kabisa, wala haikukaribia nyekundu.

Mkunazi

Baba Nunu, tulia. Bi Kizingo, shikamoo. Unachosema kilikuwepo kweli. Utepe wa kwanza wa rangi, uliotengenezwa Baghdad miaka ya 1970 kwa vipande vya filamu kuukuu za eksirei, ulikuwa na mipaka hiyo hiyo uliyoitaja, na ulienea nchi nyingi. Lakini haitumiki hivyo tena. Leo kwa mtoto wa miezi 6 hadi kabla hajatimiza miaka 5, nyekundu ni chini ya 11.5, njano ni kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5, na kijani ni 12.5 kwenda juu. Hiyo nafasi ya 12.5 hadi 13.5 hapa Kenya bado wengine wanaiandika kuwa "hatarini", ndiyo maana imekukaa kichwani. Ni watoto wa kufuatiliwa. Chakula cha tiba si chao.

Na jihadharini na utepe wa zamani mwingine. Kabla ya 2009 nyekundu iliishia 11.0. Utepe huo bado unaokotwa kwenye droo za watu. Mtoto wa 11.3 ukimpima kwa huo atasoma njano, na kumbe anahitaji matibabu leo.

Sasa baba Nunu, kabla hatujasema nani mkweli, nijibu haya. Mkono upi ulipimwa kila mahali? Nguo ilivuliwa au ilikunjwa? Kuna aliyetafuta katikati ya mkono, au waliutia tu utepe? Na zahanati mtoto alikuwa amekaaje?

Mimi nimefanya kazi ya lishe huku Magarini, na mara nyingi jibu huwa humo.

BabaNunu_Mambrui

Nimemuuliza mama yake. Mhudumu alimvua kabisa, akapima mkono wa kushoto, alishika bega na kisugudi kwanza akaweka alama kwa kalamu. Alama ipo hadi leo haijatoka!

Zahanati foleni ilikuwa ndefu. Mtoto alikuwa ananyonya, mkono wa kushoto umebanwa kifuani kwa mamake, kwa hiyo nesi alipima wa kulia. Sweta ilikunjwa hadi kwapani. Anasema mkono ulikuwa umekunjwa maana mtoto alikuwa ameshika shanga za mamake.

Mkunazi

Basi umeshapata sehemu kubwa ya jibu lako.

Kulia au kushoto tofauti ni ndogo. Tunashika kushoto ili wote tufanye jambo moja. Tatizo ni huo mkono uliokunjwa. Mtoto akishika kitu, msuli wa mbele ya mkono hujaa na utepe unasoma juu. Mkono hukunjwa wakati mmoja tu, wakati wa kutafuta katikati, kwa sababu kisugudi kikikunjwa ndipo mfupa unaonekana vizuri. Ukishaweka alama unauachia mkono uning'inie wenyewe, ndipo unapima.

Sweta nayo ina vituko vyake. Ikikunjwa nene huusukuma utepe utoke kwenye nafasi yake, na mpimaji akiogopa kuubana juu ya nguo anauacha legelege. Utepe legelege unasoma juu, utepe uliokazwa sana unasoma chini. Namna ya kujua ni kutazama ngozi pembeni mwa utepe. Ikijikunja au ikifura pande zote mbili, umekaza. Ukiona upenyo kati ya utepe na ngozi popote, hata kwa nyuma, umelegeza. Wengi hutazama mbele tu kwenye kidirisha cha kusomea, na nyuma ya mkono kuna uwazi wa kupita kalamu.

Kwa hiyo mkono wa Nunu haukubadilika kwa siku moja. Milimita 4 kati ya watu wawili waliopima kwa namna mbili ni jambo la kila siku. Ni kwa vile tu binti yako yuko karibu na mstari ndiyo milimita 4 zimembadilisha rangi. Angekuwa 14 msingejua hata kama wametofautiana.

Kama una utepe, au ukiweza kuazima kwa mhudumu, mpime mwenyewe hivi. Chukua uzi. Kunja kisugudi cha kushoto kama mtu anayepokea sadaka, uzi uanzie kwenye ncha ya mfupa wa bega, kwa nyuma, ushuke hadi ncha ya kisugudi. Kunja uzi nusu kwa nusu, hapo weka alama ya kalamu. Nyoosha mkono uning'inie. Pitisha utepe kwenye alama, ncha nyembamba iingie kwenye tundu lake, vuta hadi uguse ngozi pande zote, soma kwenye mishale ndani ya kidirisha. Halafu uuondoe, upime tena upya. Usisome mara mbili kwenye utepe ule ule uliokwisha kaa, hiyo si mara mbili.

PwaniBoda

Mkunazi umenyamaza kuhusu langu.

Mkunazi

34 nenda kaendeshe boda yako.

Mwalimu_Gede

Mimi nina swali la ubishi kidogo. Mkunazi unasema uzi, nusu kwa nusu, alama. Kwenye kikundi chetu cha akina mama tulifundishwa kupima watoto wetu wenyewe nyumbani, na tuliambiwa tusihangaike na uzi. Katikati ya mkono unaikadiria kwa jicho, mkono wowote, unaangalia rangi tu, hata namba husomi. Aliyetufundisha alisema hilo lilijaribiwa Niger, akina mama wakapima karibu sawa na wahudumu. Sasa kama akina mama hawahitaji uzi, kwa nini nesi ahukumiwe kwa kukosa uzi?

Mkunazi

Mwalimu, hilo ni kweli na mimi naliunga mkono. Mama akimpima mwanawe kila wiki mbili kwa jicho, mtoto huyo atakamatwa mapema kuliko mtoto anayesubiri mhudumu apite mara moja kwa miezi. Kosa la milimita 2 si kitu ukilinganisha na kuchelewa mwezi mzima. Mama akiona njano anakuja, sisi tunapima upya.

Lakini anayepima upya ndiye anayeamua kuandikisha mtoto au kumrudisha. Huyo ndiye namtaka awe na uzi.

Mwalimu_Gede

Sawa, lakini kumbuka foleni. Nesi mmoja, watoto sitini, chanjo, mizani, vitabu. Ukimwambia achukue uzi kwa kila mmoja utakuwa umemwambia asipime kabisa. Mimi nasema jicho lililozoea latosha, ila mkono uwe umenyooshwa na nguo imevuliwa. Hapo hatutakubaliana, Mkunazi.

Mkunazi

Hatutakubaliana, na si sisi wa kwanza. Wapo wakubwa wa lishe wanaosema kama wewe.

BabaNunu_Mambrui

Nimeazima utepe wa mhudumu. Uzi kutoka bega hadi kisugudi 15.4, kwa hiyo alama kwenye 7.7. Ilikuwa karibu sana na alama yake ya kalamu, mama yule yuko makini. Matokeo: 12.4, 12.4, halafu akaanza kulia na kujikaza nikapata 12.6.

Kwa hiyo ni njano. Lakini sasa mizani ilisema hajavuka mstari. Mkono unasema utapiamlo, mizani inasema hapana. Hapo ndipo mamangu amepata nguvu tena.

Mkunazi

Hiyo 12.6 ya kulia iache, chukua 12.4.

Kuhusu mizani, alipimwa na nguo?

BabaNunu_Mambrui

Na sweta na nepi. Nepi sijui kama ilikuwa kavu.

Mkunazi

Basi punguza. Sweta na nepi iliyolowa vinaweza kuchukua gramu 200 au 300 bila wasiwasi. Mtoto wa kike wa sentimita 73 akiwa 7.9 yuko kati ya mstari wa −1 na wa −2 kwenye lile jedwali, na huo wa −2 ndio mstari aliousema nesi. Akiwa kweli 7.6 bado hajavuka −2, lakini amekaribia. Na urefu je, alilala sawa kwenye ubao, miguu imenyooka, kichwa kimegusa? Mtoto akikunja goti ukapata 72 badala ya 73, uzito ule ule unaonekana wa kutosha zaidi. Mizani na ubao vina makosa yao, tena mengi, ila watu wanaviamini kwa sababu ni vikubwa.

Lakini hata vikipimwa barabara kabisa, mkono na uzito kwa urefu mara nyingi havikubaliani. Haina maana kimoja kimekosea. Vinakamata watoto tofauti. Mkono una mstari mmoja kwa wote kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka 5, kwa kuwa katika umri huo mkono huongezeka kidogo tu. Kwa sababu hiyo unawashika zaidi wadogo kama Nunu, wa mwaka mmoja na kitu, ambao mikono yao bado haijafika mbali. Watu wengine wanauita upendeleo. Mimi nasema wadogo ndio wanaokufa haraka wakikonda, kwa hiyo upendeleo huo sina ugomvi nao. Uzito kwa urefu unawashika zaidi wakubwa kidogo na warefu wembamba.

Kanuni ni hii: kimoja kikisema ndiyo, ni ndiyo. Hakuna haja ya viwili kukubaliana.

Kwa hiyo Nunu ni njano, utapiamlo wa kadiri. Si dharura. Mrudishe zahanati na karatasi ile ile ya mhudumu, mwambie nesi kwa adabu kwamba siku ile alipimwa ananyonya, ungeomba apimwe tena mkono umenyooka bila sweta. Usiende na maneno ya "umekosea". Waulize pia kuhusu kuhara, damu ya malaria, chanjo, vitamini A na dawa ya minyoo kwa kuwa ametimiza mwaka. Chakula cha nyongeza kwa njano wakati mwingine kipo, wakati mwingine hakipo, inategemea mpango uliopo mwezi huo. Kisipokuwepo ni uji uliotiwa karanga za kusaga au simsim na mafuta kijiko, mayai, dagaa waliosagwa, na ale mara nyingi zaidi kuliko anavyokula sasa. Kunyonya kuendelee. Pima kila wiki mbili. Ikishuka chini ya 11.5, au akikataa kula, au akivimba miguu, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Bi_Kizingo

Mwanangu Mkunazi nimekubali ya mipaka. Ila niseme moja nililojifunza: utepe haudanganyi. Mtoto akiwa kijani, mama alale usingizi.

Nyota_ya_Langobaya

Bi mkubwa samahani, hapo nakupinga. Mwaka mmoja wa ukame jirani yetu alikuwa na mtoto wa miaka miwili hivi. Mashavu yamejaa, watu wanasema mnene. Walipopita wapimaji mkono ukasoma kijani vizuri tu, wakaenda zao. Mtoto mwenyewe haongei, hachezi, nywele zimepauka, ukimgusa analia. Mpimaji mwingine, kijana mwembamba mwenye miwani, alirudi nyuma kama aliyesahau kitu. Akambonyeza mtoto miguu yote miwili kwa vidole gumba, juu ya nyayo, akahesabu polepole. Alipoachia yakabaki mashimo mawili. Yamekaa pale, hayarudi. Mama mtu akaanza kupiga mayowe, maana alidhani mwanawe amenenepa.

Walimpeleka siku ile ile. Alipona.

Mkunazi

Nyota umesema jambo ambalo ningelisahau kwa kushughulika na milimita. Maji yaliyojaa mwilini huujaza hata mkono, kwa hiyo utepe unasoma vizuri kwa mtoto aliye hatarini kuliko wote. Kubonyeza ni sekunde 3, miguu yote miwili kwa pamoja. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili na hakuna sababu nyingine, ni utapiamlo mkali hata kama mkono ni 14. Mguu mmoja tu ni jambo jingine, labda kidonda au ameumwa na kitu.

Baba Nunu, leo usiku mbonyeze.

BabaNunu_Mambrui

Nimembonyeza. Hakuna shimo. Amenipiga teke la uso.

Bi_Kizingo

Alhamdulillah. Mwenye nguvu ya kupiga teke ana afadhali.

Mvuvi_Amu

Mimi niulize la watu wazima, samahani baba Nunu kwa kuingilia uzi wako. Mimi mwenyewe nilianza dawa za kifua kikuu miezi miwili iliyopita. Kliniki walinipima mkono, wakaandika 21.5 na kusema nirudi mwezi ujao. Sikuambiwa ni mbaya au nzuri. Nimechukua utepe wa mtoto wa dadangu nijipime, ukanisomea kijani. Mke wangu mjamzito naye aliandikiwa 22.5. Hapo rangi zetu ni zipi?

Mkunazi

Mvuvi, pole na pongezi kwa kuanza dawa. Kwanza rudisha utepe wa mtoto. Una urefu wake na rangi zake, kwa mtu mzima hauna maana. Kuna utepe mrefu wa watu wazima, na hata huo rangi zake hutofautiana kulingana na aliyeuchapisha.

Kwa watu wazima hakuna mstari mmoja ambao dunia nzima imeukubali kama kwa watoto. Mtu mzima anayeweza kusimama wima hupimwa kwanza uzito na urefu, ukigawanya kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe, na chini ya 18.5 ni kukonda. Mkono unakuja pale usipoweza kufanya hivyo: mgonjwa wa kitandani, mzee aliyepinda mgongo ambaye urefu wake haupimiki, aliyejaa maji tumboni. Na mjamzito, kwa sababu uzito wake unachanganya mama, mtoto na maji, lakini mkono wake haubadiliki sana kwa sababu ya mimba.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha, hapa kwetu mstari unaotumika sana kuingiza mtu kwenye chakula cha nyongeza ni chini ya 21. Sehemu nyingine utasikia 23. Kwa mkeo 22.5, kwa mstari wa kwanza hayumo, kwa wa pili yumo. Si kwamba mmoja anadanganya. Wanaochagua 23 wanataka wasimkose yeyote hata wakiingiza wasiohitaji, wanaochagua 21 wana chakula kidogo cha kugawa. Ningekuwa mimi ningemtazama kama yuko ukingoni: ahudhurie kliniki bila kukosa, apimwe damu, uzito wake uwe unapanda.

Mvuvi_Amu

Na mimi?

Mkunazi

Wewe 21.5 ni ya chini kwa mwanamume yeyote. Utafiti mmoja mkubwa uliokusanya takwimu za nchi nyingi ulielekea kwamba mstari wa 24 unafaa kumtahadharisha mpimaji kwa watu wazima, kisha mtu apimwe vizuri zaidi. Uko chini ya hapo mbali. Lakini namba moja haisemi unaelekea wapi. Ulikuwa na ngapi ulipoanza dawa?

Mvuvi_Amu

Kwenye kadi nimeona 20.8 mwanzo. Uzito kilo 47 halafu 49.

Mkunazi

Basi unapanda, na kilo na mkono vinasema kitu kimoja. Urefu wako?

Mvuvi_Amu

Mita 1.70 kwa kitambulisho cha zamani 😅

Mkunazi

1.70 mara 1.70 ni 2.89. 49 ukigawanya ni karibu 17. Bado umekonda lakini ulianza kwa 16.3 hivi. Ukirudi waulize wazi kama unastahili chakula cha nyongeza, maana kliniki nyingi za kifua kikuu huwa na mpango huo. Na kama mwezi ujao uzito umesimama au umeshuka, usikae kimya, huenda dawa hazifanyi kazi yake au kuna jambo jingine. Wewe kwa sasa mizani itakueleza zaidi ya utepe.

PwaniBoda

Nimejigawanya. 58 kwa 1.78. Nimepata 18.3. Mkunazi niko chini ya 18.5???

Mkunazi

Kumbe swali lako la kwanza lilikuwa la kweli. Na mkono wa 34 ulipimaje?

PwaniBoda

Kwa utepe wa fundi cherehani. Nilikunja msuli kidogo. Sawa, nilikunja sana.

Mwalimu_Gede

😂😂 Huyu ndiye mtoto aliyeshika shanga.

Mkunazi

Pima tena ukiwa umeuachia. Umepungua uzito hivi karibuni, unakohoa, unatokwa jasho usiku? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, kapimwe. Kama uko hivyo tangu shule na uzito haujashuka, kula, na upime tena baada ya mwezi.

PwaniBoda

Uzito umeshuka tangu Desemba. Kukohoa kidogo, nilidhani ni vumbi la barabara ya Marafa.

Mvuvi_Amu

Hata mimi nilisema vumbi. Nenda kesho ndugu, makohozi yanapimwa bure.

Nyota_ya_Langobaya

Swali kwa Mkunazi. Utepe ukikaa sana unavutika? Wa kikundi chetu umefifia hadi namba hazionekani vizuri, na kuna mtu ametoa nakala kwa mashine ya fotokopi.

Mkunazi

Nakala ya fotokopi tupa. Mashine hupunguza au kuongeza kidogo bila kukuambia, na karatasi haina msimamo. Utepe wenyewe uweke juu ya rula, uone 10 yake ni 10. Mimi hubeba kipande cha paipu ya maji ya plastiki, upana wake wa nje milimita 40. Mzingo wake lazima uwe 12.6 hivi. Kila asubuhi kabla ya kutoka nazungusha utepe kwenye paipu. Ukinipa 12.3 siuchukui. Na ukiwa na wapimaji wapya, wape paipu hiyo bila kuwaambia namba, utajua mara moja nani anakaza na nani analegeza. Paipu hailii wala haikunji mkono.

BabaNunu_Mambrui

Wana jukwaa, tumerudi zahanati. Nesi alikuwa mwingine, mama mtu mzima. Alimvua, akanyoosha mkono, akapima mara mbili: 12.4. Uzito bila nguo 7.7. Akasema njano, akamwandikisha kwenye kitabu. Chakula cha nyongeza hakuna kwa sasa, labda mwezi ujao. Damu imepimwa, malaria hakuna. Amepewa dawa ya minyoo na vitamini A. Turudi baada ya wiki mbili.

Mamangu bado anasema ni mifupa ya ukoo. Nimejaribu kumweleza kwamba ukoo hauharishi wiki nzima.

Swali la mwisho: nimeambiwa atatolewa kwenye kitabu akifika 12.5. Sasa yuko 12.4. Yaani milimita moja tu, mtu akilegeza utepe ametoka?

Mkunazi

Ndiyo maana hatolewi kwa kipimo kimoja. Inatakiwa 12.5 au zaidi mara mbili mfululizo, siku tofauti. Akipimwa 12.5 leo na 12.3 wiki mbili baadaye, hajatoka. Na wewe na utepe wako nyumbani, siku akifika 12.5 usishangilie, ngoja ifike 12.8 hivi ndipo upumue.

Mwalimu_Gede

Wakati mwingine hutolewa kwa mara moja kwa sababu kitabu kimejaa. Nimeshaona.

Mkunazi

Hilo nalo ni kweli.

Bi_Kizingo

Na mjukuu wangu ana miaka saba, mkono 15. Je, kijani?

Mkunazi

Bi mkubwa, rangi hizi zinaishia miaka 5. Kwa saba hazina kauli. Mpeleke kwenye mizani na ubao wa urefu, na kama amepungua kuliko mwaka jana, niandikie kando.